Kosa la 1990'S halipo pale mlipoliona

Tuliosoma sekondari moja hapa Tabora tulikubaliana kukutana, tukachanga, na mwenzetu aliyepewa kazi ya kuchapisha fulana akarudi na mzigo wenye maandishi mgongoni: WANA WA MIAKA YA 1990'S. Fulana hazijagawiwa, picha ikawa imeshafika kwenye kundi la WhatsApp, na usiku huo hakuna aliyezungumzia pilau wala ratiba. Mwalimu mstaafu wa Kiingereza alisema ni aibu, kwani ritifaa, ile alama ndogo inayoning'inia kabla ya S, haina kazi kwenye wingi. Mhasibu mmoja aliyeko Kigoma akajibu kuwa yeye ameikuta hivyo kwenye magazeti ya Marekani tangu ujana wake, na kwamba hata CD nyingi huandikwa CD's. Mwingine akatuma picha ya kioo cha simu yake, mstari mwekundu umekaa chini ya neno. Kufikia asubuhi mjadala ulikuwa umehama kabisa, watu wanahesabiana nani alisoma na nani alipita tu darasani.

Nadhani pande zote mbili ziligombania mlango usio wao. Kwa Kiingereza cha leo jibu ni jepesi: andika CDs, NGOs, 1990s, bila ritifaa. Lakini aliyeandika CD's hakuwa mjinga, maana alama ile iliwekwa na wahariri wenye akili timamu kwa sababu inayoeleweka, na sababu hiyo ndiyo iliyokufa. Kosa la fulana yetu lilikuwa kwingine. Sentensi ile ni ya Kiswahili, na katika wingi wa Kiswahili ritifaa haihitajiki, na S nayo haihitajiki.

Ritifaa iliingia katika uchapaji wa Kiingereza karne ya 16, ikitokea kwa wachapaji wa Kifaransa, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuonyesha kwamba hapa kuna herufi iliyomezwa. Hata ile 's ya umiliki ina asili hiyo. Kiingereza cha kale kilikuwa na kiambishi -es cha kuonyesha mwenye mali, irabu ikaanguka katika matamshi, alama ikabaki kushika nafasi yake. Kisha mambo yakavurugika. Maneno ya kigeni yaliyoishia na irabu yalipoingia, Waingereza wengi wa karne ya 18 waliona vibaya kuyabandika s tupu, wakaandika wingi wa opera kuwa opera's, na watu wasomi hawakuona haya. Kwa hiyo anayesema kwamba ritifaa haijawahi kutumika kwa wingi katika Kiingereza anasimulia kanuni ya juzi kana kwamba ilishuka na mvua ya kwanza.

Mhasibu wetu wa Kigoma naye hakuota. Gazeti la New York Times kwa miaka mingi liliandika CD's na 1990's kama kanuni ya nyumba yake, na chanzo chake kilikuwa vichwa vya habari. Vingi vilipangwa kwa herufi kubwa tupu, na hapo ndipo shida inapoanza: CD nyingi zinakuwa CDS, na msomaji hajui kama S ni ya wingi au ni herufi ya tatu ya kifupisho asichokijua. Ritifaa ikawekwa kama ukuta mwembamba kati ya jina na mkia wake. Ili kichwa cha habari kisipingane na habari yenyewe chini yake, kanuni ikatumika gazeti zima. Baadaye gazeti hilo hilo liliiacha, na miongozo mikubwa ya Kiingereza leo, ukiwemo ule wa Chuo Kikuu cha Chicago unaochapishwa tangu 1906, inataka s tupu. Dawa waliyoipata ni ndogo hata inachekesha: kifupisho kiandike kwa herufi kubwa, s iandike ndogo. CDs. Jicho linaona mpaka bila kuchorewa.

Ukielewa hilo, unamwelewa pia fundi wa mabango. Yeye huandika kwa herufi kubwa kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa sababu mteja anataka kitu kinachosomeka kutoka upande wa pili wa barabara. Ukimpa TUNAUZA CDS NA DVDS, mkono wake wenyewe unakataa, anatia ritifaa. Hajasoma mwongozo wa gazeti la New York, ila amekutana na tatizo lile lile na kulitibu kwa dawa ile ile. Tunamcheka fundi kwa kitu ambacho mhariri wa huko alikuwa akilipwa mshahara kukisimamia.

Sasa hoja za wanaoipinga CD's. Hoja wanayoipenda zaidi ni ya maana: CD's kwa Kiingereza ni mwenye mali, yaani jalada ni la CD moja, na CDs ni nyingi, kwa hiyo ukichanganya unampoteza msomaji. Hoja ni ya kweli, ila uzito wake unatiwa chumvi. Mtu anayeona bango lenye CD's na bei chini yake hawezi kudhani kwamba CD moja inamiliki kitu. Mazingira yanamwokoa karibu kila mara. Panapouma ni kwenye maandishi marefu, hasa ripoti za mashirika. Ukiandika NGO's kisha neno la bajeti, je, ni bajeti ya shirika moja au za mashirika yote yaliyokutana? Kwa kanuni ya leo jibu linakaa kwenye alama yenyewe: NGO's ni la shirika moja, NGOs' ni la mashirika mengi. Ukiitumia NGO's kwa wingi pia, umepoteza tofauti hiyo, na mfadhili atakuandikia kuuliza. Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu ya kutosha ya kuiacha ritifaa, wala si aibu.

Upande wa pili una hoja moja dhaifu kuliko zote, na ndiyo iliyorudiwa sana usiku ule: kwamba kifupisho ni neno lililokatwa, ritifaa ni alama ya kukatwa, basi CD's ni sahihi kwa asili. Ifuate hoja hiyo hatua mbili uone inapokupeleka. Kama ritifaa inaonyesha herufi zilizoachwa, CD moja tu nayo ingeidai, kwa kuwa herufi zilizoachwa ni zile zile, iwe moja au mia. Tena ingedai mbili, moja baada ya C na nyingine baada ya D. Hakuna aliyewahi kuandika C'D'. Na kwenye miaka hoja inajipiga yenyewe. Katika 1990's hakuna tarakimu iliyoachwa, zote nne zimesimama pale. Kinachoachwa ni 19 mtu anaposema tisini tu, na Kiingereza kinaionyesha kwa kutanguliza alama: '90s. Anayeandika 90's ameweka kibao cha msiba kwenye nyumba ya jirani.

(Kwa wanaoandika kwa kompyuta, hiyo '90s ina mtego wake. Programu ya kuandikia ikiona alama mwanzoni mwa neno hudhani unafungua nukuu, huigeuza ielekee upande wa pili. Andika alama hiyo mara mbili mfululizo kisha futa ya kwanza, au kwenye Windows shika Alt na ubonyeze 0146 kwenye tarakimu za pembeni. Hapo itakaa inavyotakiwa.)

Mwalimu wetu mstaafu naye asiachwe aondoke na ushindi mzima. Kanuni yake kwamba ritifaa haiingii kwenye wingi kamwe ina tundu, na tundu lenyewe ni herufi ndogo moja moja. Ukitaka kusema kwa Kiingereza kwamba katika neno fulani kuna a mbili na i tatu, ukaandika as na is, umeandika maneno mengine kabisa ya lugha hiyo. Kwa hiyo miongozo ile ile inayokataza CD's inakubali a's, i's, p's na q's. Sababu yake ni ile ile ya kichwa cha habari, kwamba jicho linahitaji mpaka. Kwa herufi kubwa, kama alama A za mtihani, miongozo inatofautiana, na shirika la habari la Associated Press wanaandika A's. Kumbe hata wanaoikataa ritifaa wameihifadhi kabatini kwa siku ya dharura.

Ukitoka nje ya Kiingereza ndipo unaona jinsi alama hii isivyo na tabia moja. Mdachi akiandika cd's ameandika sawasawa, na hiyo ndiyo tahajia rasmi ya wingi kwao, kama wanavyoandika foto's. Mjerumani anaandika CDs, na CD's humletea dhihaka kali kuliko za kundi letu. Mwitaliano haongezi chochote: CD moja ni il CD, CD nyingi ni i CD, wingi umebebwa na kineno kilichotangulia. Nimemweka Mwitaliano mwisho kwa makusudi, maana ndiye aliye karibu nasi.

Kwetu ritifaa ina ajira yake, na ni ya sauti. Iondoe kwenye ng'ombe, na msomaji atatamka ng kama ya ngoma. Watu wa hapa hatuhitaji kufundishwa hilo, kwa kuwa majina ya Kinyamwezi na Kisukuma yamejaa sauti hiyo. Washairi nao huitumia kuonyesha silabi waliyoimeza ili mizani itimie. Haijawahi kuonyesha mwenye mali, kwa kuwa tuna -a ya duka la Asha. Haijawahi kuonyesha wingi pia. Wingi wetu unakaa mbele ya neno, au, neno lisipobadilika, unakaa kwenye majirani zake. CD imeingia kwa amani katika ngeli ya I-ZI, ikakaa pamoja na redio, kalamu na nyumba. CD yangu imekwaruzika, CD zangu zimekwaruzika. Ile z imeshamaliza kazi. Hatuandiki redios zangu, na sijui kwa nini mtu yule yule asiyeandika redios anaona lazima aandike CDs zangu. Nadhani ni herufi kubwa zinazomtisha. Anaziona kama mgeni mwenye pasi ya kusafiria, anaogopa kumwambia afuate taratibu za nyumba.

Miaka ni mbaya zaidi. Miaka ya 1990 ni wingi uliokamilika: mi- ya miaka imesema ni mingi, ya imeziunganisha na tarakimu, tarakimu zimetaja ni ipi. Ukiongeza 's umetia wingi wa lugha nyingine juu ya wingi uliokwisha kutajwa. Jaribio langu ni kusoma kwa sauti. Miaka ya elfu moja mia tisa na tisini, halafu? Ile S utaitamkaje? Msomaji ama ataimeza, ama atalazimika kuhamia Kiingereza katikati ya sentensi na kusema naintisi. Alama isiyosomeka kwa lugha ya sentensi yake haina haki ya kuwepo kwenye sentensi hiyo. Nikiri hapo hapo kwamba Kiswahili kina utata wake, kwani miaka ya 2000 yaweza kuwa ile kumi ya mwanzo au karne nzima. Lakini 2000s ya Kiingereza ina utata huo huo, na 's haikuutatua popote. Anayetaka kutenganisha aseme miaka ya kuanzia 2000 hadi 2009, maneno mengi kidogo, lakini hayana ubishi.

Pahali ambapo kuzoea 's kumetuletea hasara hasa, kwa mkoa huu wa tumbaku, ni kwenye AMCOS. Chama cha msingi cha wakulima kinaitwa hivyo kwa ufupisho wa jina la Kiingereza, na S ya mwisho ni ya neno la chama lenyewe. Si ya wingi. AMCOS moja ni AMCOS, kama SACCOS moja ilivyo SACCOS. Nimewahi kuona bango la chama kimoja upande wa Urambo limeandikwa AMCO'S, rangi nzuri, herufi zimenyooka. Fuatilia jinsi fundi alivyofika hapo. Ameona neno linaloishia na S, amejua kwamba kifupisho chenye S mwishoni ni cha wingi, amekumbuka kwamba wingi wa kifupisho unatiwa ritifaa, akaitia. Kila hatua ilikuwa na mantiki, na mwisho wake chama kimeng'olewa herufi ya jina lake la usajili. Kuna makarani waliokwenda mbele zaidi, wakafupisha umoja kuwa AMCO, wakidhani wanasahihisha. Barua yenye AMCO ikifika benki ilhali cheti kinasema AMCOS, karani wa benki ana haki ya kuirudisha, kwani kwake hayo ni majina mawili.

Mkanganyiko huo unaongezwa na majirani. Kenya wanaiita SACCO kwa umoja, S ya mwisho wameiacha, kwa hiyo wingi wao kwa Kiingereza ni SACCOs, na ni sahihi kabisa kwao. Mtu wa Tabora anayesoma gazeti la Nairobi asubuhi na muhtasari wa chama chake mchana anakutana na S mbili zenye kazi tofauti kwenye neno linalofanana. Kwa Kiswahili tatizo halipo: AMCOS hii imelipa, AMCOS hizi hazijalipa. Kwa Kiingereza ni gumu, kwa kuwa kuongeza s juu ya S kunachukiza macho. Nimekuta walioandika AMCOSs na walioandika AMCOSes, na walioacha AMCOS ilivyo na kuongeza neno la vyama mbele. Mimi ningefuata hao wa mwisho.

Watu wasiotazama mabango wala miongozo walilimaliza suala hili zamani. VICOBA ni kifupisho cha Kiingereza cha benki ya jamii ya kijijini. Akina mama wakasikia vi- mwanzoni, wakaona kama vile vya vikapu na vitabu, wakatengeneza umoja: kikoba. Leo mtu anasema kikoba chetu kinakaa Jumamosi, vikoba vya mtaa huu ni vinne, na neno limeangukia vizuri juu ya koba, mfuko wa kuwekea vitu. Hakuna mwalimu aliyewaelekeza. Sarufi ilifanya kazi yenyewe kwa sababu hakuna aliyeinyima nafasi kwa kung'ang'ania S.

Kuna mahali pamoja ambapo kukaa kimya hakutoshi, nako ni vifupisho vya watu. DC amefika, DC wamefika: kitenzi kinatosha, lakini sikio linataka kitu mbele, na magazeti yetu yameshakipata: ma-DC, ma-RC. Ni ma- ile ile ya maprofesa na mameneja, cheo kilichokopwa kikipata wingi. Hapo naunga mkono kistari, kwa kuwa maDC inagandisha herufi ndogo na kubwa bila mpaka, na Ma DC inakata neno vipande viwili. Angalia kwamba tumerudi kwenye haja ile ile ya New York, jicho kutafuta mpaka, ila sisi mpaka wetu uko mbele na kistari ndicho kinachoushika. Vitu havihitaji ma- hiyo. Anayesema ana ma-CD kibao chini ya kitanda anaongeza kejeli au majivuno, si idadi tu, na ni vizuri lugha ibaki na nafasi ya kufanya hivyo.

Nitapingwa kwamba watu huandika jinsi wanavyozungumza, na mjini tunazungumza mchanganyiko, kwa hiyo 90's ya fulana ni Kiswahili cha leo. Sina ugomvi na mchanganyiko. Anayetaka kuandika Kiingereza mgongoni aandike chote, na hapo '90s au 1990s inamngoja. Na jina la kampuni au la muziki lililosajiliwa na ritifaa yake libaki nayo, hata kama linakera. Ninachokataa ni kupima usomi wa mtu kwa alama ambayo wenyewe wameibadilisha kanuni, huku MIAKA YA ikiwa imeandikwa pembeni yake na hakuna aliyeisoma.

Fulana zile tulivaa zilivyo, pilau ikaliwa. Wiki hii wamejitokeza wengine wanane wanaotaka zao, nami nikatumwa kwa fundi na maandishi mapya: WANA WA MIAKA YA 1990. Alitazama karatasi, akanionyesha herufi za plastiki alizokwisha kukata kwa ajili ya mgongo, akauliza S hizi nane sasa azipeleke wapi. Nikamwambia kuna chama cha tumbaku huko Urambo kinaidai moja.